Whose na who's, each other na one another: namna ya kukagua barua rasmi ya Kiingereza

Kumbukumbu za mikutano ya wavuvi wa Dunga, barua za vyama vya wakulima wa Njoro, maombi ya basari kutoka wadi za Kakamega na Busia: nyingi huandikwa kwa Kiingereza na watu ambao lugha ya mazungumzo yao ni Kiswahili, Kijaluo, Kiluhya au Kikalenjin. Katika nyaraka za namna hii kuna jozi mbili za maneno zinazowasumbua makatibu na makarani, na kompyuta haiwasaidii sana. Neno “who's” limeendelezwa sawasawa, na “whose” vilevile, kwa hiyo kikagua tahajia hakichori mstari mwekundu hata pale neno lilipokaa mahali pasipo pake. Ukaguzi inabidi ufanywe kwa jicho.

Tuanze na jozi ya kwanza. “Who's” ni ufupisho wa “who is” au “who has”. Ritifaa iliyo katikati inashika nafasi ya herufi zilizodondoshwa. “Whose” ni neno la umiliki, na halijadondosha chochote. Sasa, barua rasmi ya Kiingereza haitumii vifupisho. Hatuandiki “don't” wala “it's” katika barua ya kuomba kibali cha kaunti; tunaandika “do not” na “it is”. Kwa sababu hiyo, “who's” haina makao katika waraka rasmi. Ukiikuta, mojawapo ya mambo mawili ni kweli: ama mwandishi alikusudia “whose” na amekosea, ama alikusudia “who is” au “who has” na anapaswa kuyaandika kwa ukamilifu. Kwa vyovyote vile, ritifaa hiyo itaondoka. Ibakishe tu pale unaponukuu maneno ya mtu kama alivyoyasema.

Kosa hili lina chanzo kinachoeleweka. Tumefundishwa kwamba Kiingereza huonyesha umiliki kwa ritifaa na “s”: “Achieng's boat”, “the chief's office”. Mtu anayetaka kusema kwamba kitu ni cha nani hukimbilia alama hiyohiyo, na kupata “who's boat”. Lakini kanuni ile ni ya nomino. Neno “whose” limo katika kundi la “his”, “its”, “ours” na “theirs”, ambayo hubeba umiliki ndani yake bila ritifaa. Hakuna anayeandika “hi's”, na ni kwa sababu hiyohiyo “who's” haiwezi kumiliki mashua. Angalia lakini kwamba “someone's” na “one's” huchukua ritifaa, kwa hiyo usijiwekee kanuni pana kwamba viwakilishi vyote vinaikataa.

Kiswahili chenyewe kinatupa kipimo kizuri. Sema sentensi yako kwa Kiswahili kisha usikilize kinachofuata baada ya “ambaye”. Ukisikia kitu chenye “-ake” au “-ao”, unahitaji “whose”: mwanafunzi ambaye baba yake ni mvuvi, “a student whose father is a fisherman”. Ukisikia “ni” au kitenzi chenye “ame-”, unahitaji “who is” au “who has”: mwanafunzi ambaye ni yatima, “a student who is an orphan”, mwanafunzi ambaye amefaulu, “a student who has passed”.

Hapo hapo kuna mtego. Kwa kuwa Kiswahili hutumia maneno mawili, “ambaye” na “yake”, waandishi wengi huyahamisha yote mawili na kuandika “a student who his father is a fisherman”, au hata “a student whose his father is a fisherman”. “Whose” tayari imeshabeba “yake”. Baada yake inakuja nomino moja kwa moja, au sifa na nomino: “whose father”, “whose late father”. Isiingie “his”, “her”, “their” wala “the”.

Swali jingine ni kama “whose” inafaa kwa vitu visivyo na uhai. Inafaa. “A classroom whose roof was blown off by the wind” ni Kiingereza rasmi kisicho na doa. Anayeogopa huandika “a classroom the roof of which was blown off”, nayo ni sahihi lakini nzito, na msomaji hafaidi chochote kwa uzito huo.

Kipimo cha pili kinafanywa kwa Kiingereza chenyewe: weka “who is” mahali pa neno, kisha weka “who has”. Sentensi ikikubali mojawapo, andika hilo. Zikikataa zote mbili, andika “whose”. Watu wengi hupima maneno matatu au manne tu kisha wanaridhika, na hapo ndipo kipimo kinapowaangusha. Linganisha sentensi hizi mbili:

“The teacher who is head of department has not signed the form.”

“The teacher whose head of department has not signed the form should see the principal.”

Mwanzo wa sentensi hizi unafanana mpaka mbali, na zote mbili ni sahihi. Katika ya kwanza, mwalimu mwenyewe ndiye mkuu wa idara, na ndiye ambaye hajatia sahihi. Katika ya pili, mkuu wa idara ni mtu mwingine, naye ndiye hajatia sahihi. Mwalimu anaambiwa aende kwa mwalimu mkuu. Kama karani angeiandika ya kwanza kwa “whose”, sentensi ingeishia hewani: tungejua kwamba mkuu wa idara wa mwalimu fulani hajatia sahihi, lakini tusingeambiwa mwalimu huyo afanye nini. Kwa hiyo soma mpaka kituo ndipo uamue. Sentensi yenye “whose” inahitaji kitenzi kwa ajili ya kile kinachomilikiwa na kitenzi kingine kwa ajili ya mwenyewe.

Ufupisho wenyewe pia unaweza kuficha maana. “The officer who's appointed the clerks” ni “who has appointed”, yaani ofisa ndiye aliyewateua makarani. “The officer who's appointed by the board” ni “who is appointed”, yaani yeye ndiye anayeteuliwa. Ukifumua ufupisho, msomaji hahitaji kukisia.

Tuje kwenye “each other” na “one another”. Kanuni wanayofundishwa wanafunzi wengi inasema hivi: “each other” ni kwa wawili, “one another” ni kwa watatu na kuendelea. Kwa kufuata kanuni hiyo, mwenyekiti na mweka hazina “consult each other”, na wanachama thelathini “consult one another”. Ukweli ni kwamba waandishi hodari wa Kiingereza hawajawahi kuifuata kwa ukamilifu. Henry Fowler, ambaye kitabu chake cha mwaka 1926 kiliheshimiwa sana na wahariri wa Uingereza, aliona kwamba tofauti hiyo haina manufaa wala msingi katika historia ya matumizi. Ushauri wetu ni huu: ifuate katika mtihani na katika waraka rasmi, kwa sababu haikugharimu chochote na inamridhisha msomaji mkali, lakini usimsahihishe mwenzako kwa wino mwekundu akiandika “each other” kwa watu kumi, maana hajakosea.

Makosa yanayostahili wino huo yako kwingine. La kwanza ni umiliki. Hapa, tofauti na “whose”, ritifaa inahitajika, nayo hukaa kabla ya “s”: “each other's nets”, “one another's nets”. Usiandike “each others nets” wala “each others' nets”, hata watu wakiwa mia, kwa sababu “other” imebaki katika umoja.

La pili linatokana na kauli yetu ya kutendana. Kiswahili hubana kila kitu ndani ya kitenzi: wanategemeana, wanasikilizana, wanazungumziana. Kiingereza kinataka kihusishi kisimame wazi: “depend on each other”, “listen to each other”, “talk about each other”. Kwa vile “wanategemeana” haina nafasi ya kihusishi, mwandishi hukisahau na kuandika “the two wards depend each other for water”. Kitenzi kikihitaji kihusishi mbele ya nomino ya kawaida, kitakihitaji pia mbele ya “each other”.

La tatu hubadilisha maana kabisa. “The members blamed themselves” ni wanachama walijilaumu. “The members blamed one another” ni wanachama walilaumiana. Katika kumbukumbu za kikao chenye mgogoro wa fedha, kuchanganya “-ji-” na “-ana” kunaweza kuonyesha watu wamekiri kosa ambalo kwa kweli walikuwa wakitupiana.

Sasa tukague aya nzima. Hii tumeitunga kwa mfano wa kumbukumbu za kikundi cha wavuvi:

“The committee resolved to assist members who's nets were destroyed by water hyacinth. The chairperson and the treasurer, who's both signatories to the account, shall consult one another before any withdrawal. All members shall respect each others decisions, and any member whose been absent from three meetings shall give reasons in writing.”

Anza kwa kutafuta herufi “who” kwa kubonyeza Ctrl+F, ili “who's” na “whose” zote zijitokeze. Ya kwanza: “who is nets” haikubali, “who has nets were destroyed” haikubali, ni wanachama ambao nyavu zao ziliharibiwa, basi “whose nets”. Ya pili ni ngumu kidogo. Mwandishi alikusudia “ambao wote wawili ni”, lakini “who is” ni ya mmoja na hawa ni wawili, kwa hiyo ni “who are both signatories”. Hapa tungebadilisha ritifaa pekee na kuandika “whose”, tungeharibu zaidi. Ya tatu: “any member whose been absent” inakubali “who has been”, na hilo ndilo jibu.

Kisha tafuta “other”. Mwenyekiti na mweka hazina ni wawili, hivyo “each other”. Wanachama wote ni wengi, hivyo “one another”, na kwa kuwa maamuzi ni yao, ritifaa inaingia. Aya inasomeka hivi:

“The committee resolved to assist members whose nets were destroyed by water hyacinth. The chairperson and the treasurer, who are both signatories to the account, shall consult each other before any withdrawal. All members shall respect one another's decisions, and any member who has been absent from three meetings shall give reasons in writing.”

Kikundi kikiongeza mtia sahihi wa tatu kwenye akaunti, sentensi ya pili itabadilika mahali pawili: “both” itaondoka kwa lazima, kwa kuwa ni ya wawili tu, na “each other” itakuwa “one another” kwa wanaoifuata kanuni.