Kipimo cha kwanza cha VVU kimeonyesha mistari miwili: kwa nini hayo bado si majibu

Daktari, shikamoo. Nina mimba ya miezi minne. Nilipoanza kliniki nilipimwa VVU, kipimo cha kwanza kikaleta mistari miwili. Nesi akachukua kipimo cha aina nyingine, hicho kikasema sina. Nimeambiwa sina maambukizi lakini usingizi sipati. Inakuwaje kimoja kiseme ninavyo na kingine kiseme sina?

Marahaba mama, na pole kwa hofu hiyo. Kipimo cha haraka hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza ukishaingiliwa na virusi. Kwenye kile kitepe wamepaka vipande vya protini vinavyofanana na vya VVU, na kingamwili za VVU zikipita pale zinanasa, mstari wa pili unajitokeza. Shida ni kwamba damu imejaa kingamwili za mambo mengine mengi, na mara chache baadhi yake hunasa pale pale ingawa hazikutengenezwa kwa ajili ya VVU. Ujauzito unaweza kuchangia, na hata maradhi mengine: wagonjwa wa malale huko Kongo wamewahi kuonekana na VVU kwenye vipimo vya haraka kumbe hawana.

Kipimo cha pili kinatengenezwa na kiwanda kingine na mara nyingi kwa protini tofauti, kwa hiyo kingamwili iliyodanganya cha kwanza kwa kawaida haikidanganyi cha pili. Ndicho kilichotokea kwako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu mtu aliyepata majibu kama yako aambiwe hana maambukizi. Hata hivyo usikose kupimwa tena katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, maana mtu anaweza kuambukizwa akiwa tayari mjamzito.

Nimesoma kwenye karatasi ya kipimo kwamba kina usahihi wa 98%. Basi kikisema nina virusi, si uwezekano wa kweli kuwa navyo ni 98%?

Hapana, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama, wakiwemo wahudumu wa afya. Ile 98% inajibu swali moja tu: katika watu 100 wasio na virusi, ni wangapi kipimo kitawaambia hawana? Watu 98. Wawili waliobaki wataambiwa wanavyo kimakosa. Wewe uliyeshika majibu unauliza swali lingine kabisa: kati ya wote walioonyesha mistari miwili, ni wangapi wanavyo kweli? Wataalamu huliita jibu la swali hilo thamani ya utabiri chanya, na haliandikwi kwenye boksi la kipimo kwa sababu kiwanda hakiwezi kulijua. Linategemea ni nani wanaopimwa.

Tulifanye hesabu taratibu. Chukua kipimo kinachofikia kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani hukikubali kwa vipimo vya haraka vya VVU: kinawanasa 99 katika kila 100 wenye virusi, na kinawaacha salama 98 katika kila 100 wasio navyo.

Tupime watu 10,000 katika eneo ambalo 10% wana virusi. Wenye navyo ni 1,000, na kipimo kitawanasa 990. Wasio navyo ni 9,000, na asilimia mbili yao, yaani watu 180, wataonyesha mistari miwili bila kuwa na virusi. Waliotoka chanya kwa jumla ni 1,170, na 990 kati yao ni wa kweli. Hiyo ni kama 85%.

Sasa peleka kipimo hicho hicho, boksi hilo hilo, mahali ambapo ni 1% tu wenye virusi. Katika watu 10,000, wenye navyo ni 100 na kipimo kinawanasa 99. Wasio navyo ni 9,900, na asilimia mbili yao ni 198. Jumla ya waliotoka chanya ni 297, na wa kweli ni 99. Mmoja katika watatu. Kipimo hakijaharibika, nesi hajakosea, lakini wawili katika kila watatu walioona mistari miwili hawana VVU.

Ukishuka hadi mtu mmoja katika 1,000, wa kweli wanakuwa 10 na wa makosa 200. Hapo katika kila 21 wanaotoka chanya, mmoja tu ndiye mwenye virusi.

Lakini kwa nini makosa yanaongezeka ugonjwa unapopungua? Ningetarajia kinyume.

Tazama tena zile namba. Makosa hayajaongezeka kwa kiasi cha kutisha: yalikuwa 180, yakawa 198, yakaishia 200. Kilichobadilika sana ni upande wa wale wa kweli, walioshuka kutoka 990 hadi 99 hadi 10. Majibu chanya ya uongo yanazaliwa na watu wasio na virusi, na watu hao ni wengi kila mahali. Majibu chanya ya kweli yanazaliwa na wagonjwa tu. Wagonjwa wakiwa wachache, ile asilimia ndogo ya makosa inayotoka kwenye umati mkubwa inawafunika.

Kwa sababu hiyo, kipimo bora zaidi kinasaidia lakini hakiondoi jambo lenyewe. Kipimo kinachokosea kwa mtu mmoja tu katika 100 wasio na virusi, kikitumika penye 1%, kitaleta wa kweli 99 na wa uongo 99. Nusu kwa nusu.

Hapa kwetu VVU si ugonjwa wa nadra. Hesabu hizi zinatuhusu vipi?

Zinatuhusu, tena leo kuliko zamani. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa 2022-2023 ulikuta 4.4% ya watu wazima wana VVU. Lakini wanaofika dirishani kupima si sawa na watu wazima wote. Wengi wa walio na virusi wameshajijua na wako kwenye dawa, hawarudi kupima. Wanaobaki kwenye foleni ni wale ambao wengi wao hawana virusi. Kwa hiyo idadi ya wenye virusi katika kila 100 wanaopimwa inapungua chini ya ile ya taifa, na inaendelea kushuka kadiri matibabu yanavyowafikia watu.

Hiyo ndiyo sababu ya mabadiliko ya mwaka 2019. Kabla ya hapo, Shirika la Afya Duniani lilikuwa na njia mbili: penye maambukizi ya 5% au zaidi, vipimo viwili vya aina tofauti vikikubaliana, mtu anaambiwa ana VVU. Chini ya 5%, vitatu. Mwaka huo likashauri nchi zote zihamie kwenye vitatu.

Mpaka ule wa 5% haukuokotwa. Lengo ni kwamba katika kila 100 wanaoambiwa wana VVU, angalau 99 wawe navyo kweli. Rudi kwenye kipimo chetu. Penye 10%, wale 1,170 wakipimwa kwa kipimo cha pili chenye ubora huo huo, wa kweli wanabaki 980 na wa uongo 4, ambayo ni zaidi ya 99%. Viwili vinatosha. Penye 5% vinafika 99% kwa tabu. Penye 1%, wale 297 wakipimwa mara ya pili, wanabaki wa kweli 98 na wa uongo 4, kama 96%. Unaweza kuiona ni namba nzuri, lakini maana yake ni watu wanne katika kila mia wanaoanzishiwa dawa za maisha, wanaowaambia wenzi wao, pengine wanaovunja ndoa, bila kuwa na virusi. Mimi siwezi kuikubali. Kipimo cha tatu kinawaondoa karibu wote.

Hesabu hii ina sharti: kila kipimo kikosee kivyake. Kituo kikirudia kipimo kile kile mara tatu, au kikitumia majina matatu tofauti yenye protini zinazofanana, kingamwili iliyodanganya cha kwanza itadanganya na vingine, na mgonjwa atabeba majibu ya uongo yaliyogongwa mihuri mitatu. Ndiyo maana nchi inatakiwa kuvijaribu vipimo vyake kwa pamoja kabla ya kuvipanga. Kosa jingine ni la macho: kitepe kilichoachwa mezani kupita muda ulioandikwa kwenye maelekezo kinaweza kuota mstari hafifu. Mhudumu asome kwa saa.

Nilinunua kipimo cha kujipima mwenyewe cha mate, kimetoka chanya. Nianze dawa?

Usianze, na usiamue chochote kuhusu maisha yako usiku huo. Kipimo cha kujipima ni hatua ya kwanza tu. Nenda kituoni ukapimwe kwa mpangilio kamili kuanzia mwanzo.

Uzito wa mstari ule unategemea pia wewe ni nani. Ikiwa mwenzi wako ana VVU na hajaanza dawa, au umekuwa na homa za mara kwa mara, kukonda na mkanda wa jeshi, wewe hutoki kwenye kundi la 1%, na uwezekano wa majibu kuwa ya kweli ni mkubwa. Ikiwa ulijipima tu kwa sababu kipimo kilikuwepo dukani na huna sababu ya kushuku, uwezekano wa kosa unapanda. Mshauri nasaha anapokuuliza maswali ya ndani hakuchunguzi tabia. Majibu yako yanamsaidia kujua mstari ule auchukulie kwa uzito gani.

Na kikitoka hasi je? Nacho kinaweza kuwa cha uongo?

Kinaweza, ila kwa uchache sana pale ugonjwa ulipo nadra. Katika mfano wetu wa 1%, kati ya watu 9,703 walioambiwa hawana, mmoja tu alikuwa navyo. Tatizo kubwa la majibu hasi ni muda: kama ulijiweka hatarini juzi, kingamwili bado hazijajitokeza. Rudia baada ya miezi mitatu.

Mimi niko kwenye ARV mwaka wa sita. Baada ya kusoma haya, nikapime upya kuhakikisha?

Usifanye hivyo kwa kipimo cha haraka wala cha kujipima. Dawa zikidhibiti virusi kwa muda mrefu, kingamwili zinaweza kupungua hadi kipimo kisome hasi ilhali virusi bado vimejificha mwilini. Wapo walioacha dawa kwa sababu hiyo wakaugua vibaya. Kupima tena kwa kuhakikisha kunafanyika kabla ya dozi ya kwanza, kwa damu mpya na ikiwezekana na mhudumu mwingine. Ukiwa tayari kwenye dawa na una shaka, mweleze daktari wako wa CTC, yaani kliniki unakochukulia dawa, aanze kwa kufungua kadi yako na kuona vipimo vya awali na wingi wa virusi siku ulipoanza, kama ulipimwa. Wakati huo endelea kumeza dawa zako kama kawaida.

Vipimo viwili vimesema ninavyo, cha tatu kimekataa. Nimeambiwa nirudi baada ya siku 14. Mbona wasiniambie tu?

Kwa sababu bado hawajui, na wamekutendea haki kutokukisia. Huenda kingamwili zako ndiyo kwanza zinajengeka, na baada ya wiki mbili vipimo vyote vitatu vitasema ndiyo. Huenda pia vipimo viwili vimedanganywa, na utakaporudi majibu yatakuwa yale yale au hasi. Katika siku hizo tumia kondomu, usichangie damu, na kama unanyonyesha mwambie nesi leo, maana mtoto ana utaratibu wake wa kulindwa ambao hausubiri siku 14.