Wiki ya mwisho kabla ya pepa la Hisabati: yanayosemwa na ukweli wake

Kila Novemba inapokaribia, huku Tabora wanafunzi wa kidato cha nne hupeana ushauri uleule. Mwingi unawaponza, hasa kwenye Hisabati.

Dhana: Wiki ya mwisho ni ya topiki usizozijua kabisa.

Hapa ndipo alama nyingi hupotea. Chukua mwanafunzi mmoja wa kutwa, mkazi wa Isevya, aliyepata 38 kwenye pepa la majaribio. Hiyo ni D. C inaanzia 45, kwa hiyo alipungukiwa na alama 7. Yeye alikuwa amepania kuanza na maumbo ya pande tatu, ambako aliambulia sifuri.

Tulipopitia karatasi yake, swali la linia programingi alikuwa na 4 kati ya 10. Milinganyo alitunga sawasawa na grafu akachora vizuri. Alichoacha ni kusema x na y ni nini, na kupima kila kona ya eneo linalokubalika ili kupata faida kubwa zaidi. Kwenye takwimu alikuwa na 5, kwa kuwa alitumia mwanzo wa kila kundi badala ya kati yake alipotafuta wastani. Mambo haya yanarekebishika kwa jioni mbili. Akifikisha 9 na 8, ana 46. Maumbo ya pande tatu yangemla wiki nzima, na huenda asipate kitu.

Kwa hiyo tangulia na swali uliloanza vizuri ukakwamia njiani. Lile ulilolitazama ukaona giza tupu, liache.

Dhana: Ukipitia pastipepa nyingi pamoja na majibu yake, umeiva.

Jibu likiwa pembeni, kila hatua inaonekana rahisi. Ukilifunika ndipo utajua kama unaweza. Pepa mbili ulizokaa nazo saa tatu kamili, simu ikiwa mbali, zinakufaa kuliko kumi ulizosoma kama gazeti. Mapepa ya miaka ya karibuni yana maswali 10 ya alama 6 na manne ya alama 10. Ukilipa la alama 6 dakika 10 na la alama 10 dakika 18, zinabaki dakika 8 za kukagua. Swali likizidisha muda wake, ruka. Na kuspoti maswali? Topiki hujirudia, ila namba na mtego hubadilika.

Dhana: Kukesha ndiyo kupiga msuli.

Ubongo huimarisha ulichosoma mchana wakati umelala, kwa hiyo anayekesha anasoma huku akijipunguzia alichosoma. Pia asubuhi yake hujaa makosa ya kitoto: alama ya kutoa inageuka ya kujumlisha, 6 inasomwa 9. Pepa likianza saa 2:00 asubuhi, lala saa 4:00 usiku, amka saa 11:00 alfajiri. Ukiamka, kabla ya kufungua daftari, fanya tena swali moja la jana usiku kwenye karatasi tupu. Ukikwama, hiyo ndiyo kazi yako ya siku hiyo.