Maelezo ya sauti kwa Kiingereza hayapatikani kwa kutafsiri yale ya Kiswahili

Kila prodyuza anayeniletea filamu fupi ya Kiswahili ili niiandikie maelezo ya sauti kwa ajili ya wasioona huja na bajeti ileile kichwani. Naandika ya Kiswahili, mtafsiri anayageuza kuwa Kiingereza kwa siku moja, msomaji anaingia studio, kazi imekwisha. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa simu, kwa hiyo naliandika.

Dhana hiyo inasahau mtu mmoja, yaani mtazamaji asiyeona ambaye pia hajui Kiswahili. Mwenzake anayeona atasoma manukuu ya Kiingereza yanayopita chini ya skrini. Yeye hayaoni. Ukimpa maelezo yaliyotafsiriwa tu, atajua nani ameingia na nani ameketi, lakini hatajua wanasema nini. Ndiyo maana toleo la Kiingereza lina kazi mbili: kueleza kinachoonekana, na kusoma mazungumzo yote kwa Kiingereza juu ya sauti za waigizaji. Na kazi zote mbili zinagombania muda uleule wa filamu, ambao hauongezeki hata sekunde.

Nitachukua tukio moja la kawaida. Bibi yuko jikoni, mlango unafunguliwa. Anauliza, "Nani huyo?" Hajibiwi. Kunapita sekunde sita za kimya: mjukuu wake wa kike amesimama mlangoni na begi begani, kanga aliyojitanda imeandikwa "Wema hauozi", mkononi ana funguo. Kisha bibi anasema mfululizo kwa sekunde kumi na moja, analaumu na kulalamika. Akinyamaza zinakuja sekunde tatu, na ndani yake mjukuu anaweka funguo mezani na kutoka.

Kwa Kiswahili, tukio hili ni jepesi. Katika zile sekunde sita naandika: "Binti mlangoni, begi begani. Kanga yake: Wema hauozi." Ni silabi kama ishirini na moja, msomaji asiyekimbia anazimaliza kwa sekunde nne na kitu, nafasi ya kupumua inabaki. Katika sekunde tatu za mwisho: "Binti anaweka funguo mezani." Hapo neno "binti" nimeliweka kwa makusudi. Bibi ndiye aliyekuwa anasema, na "anaweka" peke yake ingemfanya msikilizaji adhani bibi ndiye mwenye funguo. Sentensi isomwe kabla funguo hazijagonga meza, ili mlio ukija uwe umeshapata mwenyewe.

Sasa Kiingereza. Swali la bibi lazima lisomwe, na kwa kuwa tunaiacha sauti yake isikike kidogo kwanza ndipo msomaji aingie, usomaji unamega zaidi ya sekunde moja kutoka kwenye zile sita. Zinabaki nne na ushee. Maneno ya kanga nayo hayawezi kusomwa kwa Kiswahili yakaachwa hapo; lazima maana yake itajwe kwa Kiingereza. Halafu yale malalamiko ya sekunde kumi na moja: msomaji ameanza nyuma ya bibi, kwa hiyo atamaliza nyuma yake pia, na atakula sekunde nzima ya zile tatu za mwisho. Zikibaki mbili, sentensi ya funguo itagongana na mlio wa funguo zenyewe, au itakuja baada yake. Katika rekodi ya aliyetafsiri tu, msikilizaji husikia chuma kikigonga na hajui ni nini.

Dawa ni kuliandika upya tukio hilo tangu mwanzo. Begi nalitoa kabisa. Litatajwa baadaye mjukuu anapolibwaga kitandani, kuna nafasi tele pale. Kanga inabaki, kwa sababu katika filamu hii bibi ataurudia msemo ule mwishoni. Na funguo nazitaja mapema, kwamba msichana amesimama mlangoni ameshika funguo. Baadaye mlio mezani ukisikika hauhitaji maelezo, ila neno moja au mawili kwamba anaondoka. Hata mtafsiri awe mzuri kiasi gani, hawezi kufanya maamuzi haya akiwa na karatasi bila picha. Mpeni video na saa ya kuhesabia sekunde, mlipeni kama mwandishi.

Kuna pia suala la sauti. Toleo la Kiingereza linahitaji wasomaji wawili, mmoja wa maelezo na mwingine wa mazungumzo. Akisoma mmoja yote, msikilizaji hatajua kama "anaondoka" ni neno la bibi au la mwelezaji. Prodyuza ajue mapema kwamba atalipa wasomaji wawili; wa mazungumzo asome bila kuigiza, na wa maelezo atofautishwe naye angalau kwa sauti, mmoja wa kike na mwingine wa kiume.

Hoja nyingine ninazoletewa na maprodyuza nazipitia haraka.

"Hesabu maneno, maneno mia na sitini kwa dakika." Kipimo hicho ni cha Kiingereza. Neno la Kiswahili hubeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani yake, kwa hiyo maneno ni machache na silabi ni nyingi. Ukifuata hesabu ya maneno, msomaji wa Kiswahili atakimbia kama anayefukuzwa. Soma kwa sauti huku picha inapita. Hakuna kipimo kingine ninachokiamini.

"Tumekutumia skripti, anza." Skripti ni ya kabla ya kupiga picha. Mimi nahitaji uhariri uliofungwa, yaani usiobadilishwa tena, wenye saa ikionekana kwenye picha. Mkikata sekunde mbili dakika ya tatu, kila sentensi ya baada ya hapo imehama.

"Wasioona hawana haja ya rangi." Wengi wa walengwa wana uoni hafifu, na wengine walikuwa wakiona zamani. Kanga nyekundu ni nyekundu, iseme.

"Jaza kila kimya." Hapana. Mvua kwenye bati, adhana ya mbali, pumzi ya mtu anayesubiri: hivyo vyote ni filamu, na asiyeona anavisikia mwenyewe. Naeleza pale tu ambapo bila maelezo angepotea.

"Mwambie msikilizaji kwamba bibi amehuzunika." Afadhali useme bibi anakunja ncha ya leso yake vidoleni. Sekunde zikiwa hazitoshi kabisa nakubali neno moja la hisia, ila iwe nadra.

Kuhusu majaribio, acheni kumuuliza msikilizaji asiyeona kama amependa. Atakuwa na adabu. Mwombe akusimulie tukio alilosikia, nani alifanya nini, kisha linganisha na picha. Kwa toleo la Kiingereza, mtafute asiyejua Kiswahili kabisa. Anayekijua atajaza mapengo yako bila kukuambia.

Mwisho ni faili za sinema. Katika kifurushi cha DCP, kile kinachopelekwa kwenye kumbi za sinema, maelezo haya hukaa njia ya sauti ya 8, inayoandikwa VI-N, nayo hupokelewa kwa spika za masikioni huku filamu yenyewe ikisikika ukumbini. Hapo huenda sauti ya msomaji peke yake, bila muziki wala mazungumzo ya filamu, vinginevyo msikilizaji atasikia filamu mara mbili. Na kwa kuwa njia ni moja, matoleo mawili ya lugha ni orodha mbili za uchezaji, zenye majina yanayotaja lugha waziwazi, ili fundi wa ukumbi asibahatishe. Kwa mtandaoni ni kinyume: hapo filamu na maelezo huchanganywa pamoja, sauti ya filamu ikishushwa kidogo kila msomaji anaposema.