Kukua kwa kasi si kuchangia zaidi

"Sanaa na burudani imekua kwa asilimia 19, kilimo asilimia 4 tu. Sasa sisi wakulima wa alizeti huku Kongwa tumechangia nini katika ukuaji wa uchumi?"

Kilimo kwa ujumla kimechangia zaidi, tena kwa mbali. Mchango hupatikana kwa kuzidisha kasi ya ukuaji wa sekta na uzito wake, yaani sehemu yake katika Pato la Taifa la mwaka uliotangulia. Tuchukue mfano wa hesabu: kilimo kina uzito wa asilimia 25, sanaa asilimia 0.3. Kilimo: 0.25 × 4 = pointi 1 ya asilimia. Sanaa: 0.003 × 19 = pointi 0.057. Uchumi wote ukikua kwa asilimia 5, pointi hiyo 1 ya kilimo ni sehemu moja kwa tano ya ukuaji wote.

Hapo wengi huteleza: "pointi 1" na "asilimia 20 ya ukuaji" ni mchango uleule, umeandikwa kwa njia mbili. Ukitaka kuhakiki jedwali, jumlisha pointi za sekta zote pamoja na kodi za bidhaa. Lazima zikaribie ukuaji wa jumla. Zikipishana sana, huenda aliyekokotoa ametumia uzito wa mwaka usiofaa.