Je, wajua? Doa la rangi ya nywele linaendelea kuiva hata likiwa kwenye ngozi yako

"Nimejipaka rangi nyeusi ya nywele bafuni, sinki nimefuta limetakata, ila paji la uso na taulo jeupe vimegoma kabisa. Kwa nini, na nayatoaje haya madoa?"

Kumbuka ile rangi ilivyokuwa inatoka kwenye tyubu. Rangi nyingi za kudumu zinatoka zikiwa krimu nyeupe au ya manjano kwa mbali, wala sio nyeusi, halafu unachanganya na ile chupa ya pili ambayo ndani yake kuna peroksaidi, mara nyingi ya asilimia 6 hivi, na ukiiacha kwenye bakuli unaiona inaanza kubadilika yenyewe, inakuwa kijivu, inakuwa kahawia, na baada ya kama nusu saa imekuwa nyeusi tii. Yaani rangi haikuwepo tangu mwanzo, inatengenezeka pale pale ulipoipaka.

Kazi inaenda hivi. Ndani ya krimu kuna chembe ndogo sana zisizo na rangi, na amonia (au kitu kingine kinachofanya kazi ya amonia) inafungua magamba ya unywele ili zipenye. Zikishaingia ndani peroksaidi inaziunganisha, moja inashika nyingine, zinakuwa kubwa na zinapata rangi, na kwa ukubwa ule haziwezi tena kutoka kwa njia iliyoziingiza. Ni kama watoto waliopita mmoja mmoja kwenye tundu la uzio halafu huko ndani wakashikana mikono kwa nguvu, hakuna namna ya kurudi kupitia tundu lile lile.

Sasa ngozi nayo, lile tabaka la juu kabisa, ni seli zilizokufa zilizojaa keratini, na keratini ndo protini inayotengeneza unywele na kucha. Kwa hiyo rangi ikidondokea kwenye paji la uso inafanya kile kile ilichotengenezwa kufanya. Taulo la pamba halina keratini lakini lina vitanzi vya uzi na nyuzi zinazofura zikilowa, chembe zinapata pa kuingia na zinakulia humo humo. Sinki la kauri limefunikwa na ngozi ngumu kama kioo isiyo na tundu, rangi inakaa juu tu, ndo maana umefuta ikatoka.

Kwa hiyo cha kwanza cha kujua ni umri wa doa. Doa la dakika tano halijaunganika sana, maji na sabuni vinalitoa. Likifika nusu saa limeshaiva, na kuanzia hapo unapambana na kitu kingine kabisa.

Nichukue mfano wa mdogo wangu, nilikuwa nae siku alivyopaka. Rangi ilimshuka kuanzia ukingo wa nywele hadi juu ya sikio, akajifuta kwa taulo jeupe, akaendelea kusubiri dakika zake 35. Alipotaka kwenda kuosha nikamwambia asubiri kwanza, asimwage maji mengi. Kuna kitu mafundi wa saluni wanafanya ambacho watu wa nyumbani hawakijui: unalowesha vidole na maji ya uvuguvugu, kidogo tu, halafu unaisugua ile rangi iliyobaki kwenye ukingo wa nywele kwa mduara, taratibu, kama dakika mbili. Krimu inalainika inakuwa kama povu zito, na ile krimu yenyewe ina vitu vya kulainisha na kuinua uchafu kama sabuni, kwa hiyo inang'oa sehemu kubwa ya doa lililo chini yake. Ndo unasuuza. Paji lake lilibaki na kivuli tu, ila nyuma ya sikio ambako hakusugua kulikuwa na mstari mweusi kabisa.

Ule mstari tuliupaka mafuta, ya nazi au ya mtoto au yale ya mgando yote yanafaa, tukayaacha kama dakika 10 hivi kisha tukafuta kwa kitambaa cha uvuguvugu chenye sabuni, tukarudia mara mbili. Mafuta yanalainisha zile seli kavu za juu, zile zilizokuwa karibu kudondoka zinaondoka na rangi yake. Hayafuti rangi kama kifutio, kwa hiyo usikasirike ukiona imefifia tu haijaisha. Kilichobaki tulikifuta na pamba yenye spiriti, mara moja, na spiriti naiweka mikononi, shingoni na nyuma ya sikio peke yake, karibu na macho hapana, na penye mkwaruzo hapana. Dawa ya meno nayo inasaidia kwa sababu ina unga laini unaokwangua, lakini ukisugua ngozi ikawa nyekundu acha hapo hapo, maana sasa unatoa ngozi yenyewe na sio doa. Asetoni na blichi usiweke kwenye ngozi hata tone.

Na kama hapo kwenye doa panawasha, panavimba au panatoa vipele vya maji, hilo sio suala la doa tena. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali inayoitwa parafenilinidiamini ambayo baadhi ya watu mwili unaikataa, na unaweza kuikataa hata kama ulipaka miaka yote bila shida. Suuza kwa maji mengi, usisugue na kitu chochote, na uende kwa daktari, hasa uso ukivimba au pumzi ikibana.

Taulo ndo lilinipa kazi kubwa. Kosa ambalo karibu kila mtu anafanya ni kulitupa kwenye maji ya moto haraka haraka, na joto linaharakisha ile kazi ya kuunganika. Anza na maji baridi ya bomba, yapitishe upande wa nyuma wa doa ili yaisukume rangi itoke ilikoingilia, mpaka maji yawe meupe. Kisha sabuni ya maji ya vyombo, ipapase na vidole, acha robo saa, suuza. Na usimwagie peroksaidi doa bichi, nimeona watu wanashauri hivo lakini peroksaidi ndo ile ile inayoivisha rangi, ukiiweka mapema unamalizia kazi ya ile chupa ya pili.

La mdogo wangu lilikuwa limekaa zaidi ya saa nzima. Baada ya maji baridi na sabuni lilibaki la kahawia, ukubwa wa kiganja. Kwa kuwa lilikuwa pamba tupu na jeupe tulitumia blichi ya kawaida ya nguo, imechanganywa kwenye maji baridi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, tukaloweka dakika 10, tukaangalia, tukaongeza 5, tukasuuza mara tatu. Doa lilibaki la rangi ya chai hafifu, na baada ya kufua mara mbili ukawa unalitafuta. Sikuliacha usiku kucha kwa sababu blichi ikikaa muda mrefu inakula pamba yenyewe, unatoa doa unabaki na taulo linalochanika.

Taulo la rangi huwezi kulifanyia hivo, blichi itachukua na rangi ya taulo, utabaki na baka jeupe mahali pa doa. Hapo unatumia ule unga wa kuondoa madoa unaotoa oksijeni, ule ulioandikwa ni salama kwa nguo za rangi, kwenye maji ya moto kiasi cha mkono kuvumilia, na unaloweka saa kadhaa. Najua nimesema maji ya moto hapana, ila hiyo ni kwa doa bichi, hili limeshasuuzwa halina tena cha kuiva. Na niseme ukweli, doa lililoiva kwenye taulo la rangi mara nyingi linafifia tu. Kabla hujaridhika usilikaushe kwa mashine wala kulipiga pasi, anika kivulini uliangalie likiwa kavu, maana likiwa limelowa doa linadanganya.

Bafuni sina mengi, kauri inatoka kwa kitambaa na sabuni, ikigoma dawa ya meno au beking soda iliyoloweshwa kidogo. Angalia tu sinki lako ni la nini. Kama ni la plastiki au bafu la akriliki usiweke asetoni, inayeyusha uso wake na hilo baka halitoki tena. Panaposumbua ni ile mistari ya saruji kati ya vigae, grauti, kwa sababu saruji ina vitundu na inanyonya. Hapo unalowesha tishu na blichi iliyozimuliwa, unailaza juu ya mstari dakika 10 isikauke, unasuuza, dirisha likiwa wazi na glavu mkononi. Kwenye marumaru ya mawe halisi na bomba za chuma usiiache ikae.

Ila kabla blichi haijagusa popote, suuza rangi yote iishe kwanza. Nasisitiza hapa kwa sababu ile krimu mara nyingi ina amonia, na blichi ikikutana na amonia inatoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu, na bafu zetu nyingi ni chumba kidogo kilichofungwa. Usimwage rangi iliyobaki kwenye sinki kisha ukafuatisha blichi. Blichi na siki hapana, blichi na spiriti hapana, blichi na asetoni hapana. Kitu kimoja, suuza vizuri, ndo kingine. Ukisikia harufu kali imebadilika ghafla au macho yanawaka, toka nje kwanza, usafi utakusubiri.

Kuna sehemu moja ambayo utahangaika nayo na haitatoka, nayo ni kucha. Ni keratini ngumu iliyokazana, na haidondoki kidogo kidogo kama ngozi. Doa la usoni kwa kawaida linaisha ndani ya siku chache hata usipofanya kitu, la kwenye kucha linasubiri kucha ikue, na kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi. Mdogo wangu alivua glavu mwishoni ili aoshe nywele kwa mikono mitupu, dakika zile zile rangi ilikuwa bado inafanya kazi, na kwenye kidole gumba bado ana kijistari cha kahawia ambacho kila akikata kucha kinasogea mbele kidogo.