"Lakini ipo kwenye bajeti!"

Kuna sentensi ambayo nikiisikia tena kwenye kikao cha kufunga ukaguzi, nitafunga kompyuta nikanywe chai: "Mkaguzi, gharama hii ipo kwenye bajeti na mfadhili aliipitisha mwenyewe." Husemwa kwa kujiamini kabisa, huku vocha ikisukumwa mezani kana kwamba shauri limekwisha.

Halijakwisha. Bajeti inasema mfadhili amekubali kugharamia nini na ukomo ni kiasi gani. Haisemi kilichotendeka. Tuchukue mikataba ya ruzuku ya Umoja wa Ulaya, ambayo asasi nyingi za kwetu zinayo. Kifungu cha 14 cha masharti ya jumla kinataka gharama iwe imetokea kweli, ndani ya kipindi cha utekelezaji, iwe imo kwenye bajeti, iwe ya lazima kwa mradi, iwe imeandikwa kwenye vitabu vya shirika na inaweza kuthibitishwa, ifuate sheria za kodi na hifadhi ya jamii, na iwe ya kiasi. Kuwemo kwenye bajeti ni sharti moja kati ya hayo yote. Ukishindwa lingine lolote, hilo moja halikuokoi.

Risiti nayo ni hivyohivyo. Risiti ya EFD ina namba ya uhakiki, na mkaguzi akiiingiza kwenye `verify.tra.go.tz` anaona muuzaji, tarehe na kiasi kama vilivyopokewa TRA. Ikigoma, au ikaleta kiasi tofauti na cha karatasi, mna hoja ya ukaguzi na pengine jambo kubwa zaidi ya hoja. Ikikubali, tumejua kwamba kitu kiliuzwa. Kama kilihitajika kwenye mradi, na kama kilifika, risiti haijui.

Suala la kipindi nalipitia haraka, ingawa hela nyingi hupotelea hapo. Kinachoangaliwa ni siku huduma ilipotolewa au mzigo ulipopokewa. Siku fedha zilipotoka benki si hoja. Ankara ya huduma iliyofanyika ndani ya kipindi inaweza kulipwa baada ya mradi kufungwa na ikakubalika. Lakini oda ya kompyuta iliyosainiwa wiki ya mwisho, mzigo ukaja mwezi unaofuata, imekufa, hata kama mlilipa mapema. Na masurufu si matumizi. Milioni 4 aliyopewa afisa wa wilayani Desemba 28 ni deni lake kwa shirika mpaka arejeshe vielelezo. Ukiiingiza kwenye ripoti ya Desemba kama gharama ya semina, umeripoti kitu ambacho hakijatokea.

Sasa mishahara. Hapa ndipo "ipo kwenye bajeti" inaponichosha zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huamini kabisa kwamba asilimia ya bajeti ni asilimia ya gharama.

Chukua mfano wa mhasibu wa asasi yenye miradi mitatu. Mshahara wake kabla ya makato ni shilingi 2,400,000. Mchango wa mwajiri NSSF, asilimia 10, ni 240,000. Tozo ya mafunzo ya ufundi na mfuko wa fidia tuviache pembeni ili hesabu iwe nyepesi. Kwa mwajiri, mtu huyu anagharimu 2,640,000 kwa mwezi. Andiko la mradi A lilimwandika asilimia 50, la B asilimia 40, na la C, lililokuja baadaye wakati hakuna aliyekumbuka kufungua yale mengine mawili, asilimia 30. Kila mwezi mfumo wa uhasibu unapeleka 1,320,000 mradi A, 1,056,000 mradi B na 792,000 mradi C. Jumlisha: 3,168,000. Mtu wa 2,640,000 amelipiwa na wafadhili watatu 3,168,000. Ziada ni 528,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 6,336,000.

Kila mstari ulikuwa kwenye bajeti. Kila mfadhili alipitisha wake. Na mkaguzi wa mradi A akipewa leja ya mradi A peke yake hataona kitu, maana ndani ya leja ile nusu mshahara ni nusu mshahara. Ndiyo maana tunaomba orodha ya mishahara ya shirika zima na mgawanyo wake kwenye miradi yote, halafu tunaambiwa, "Ile miradi mingine haiwahusu." Inatuhusu sana. Gharama ambayo tayari imelipwa na mfadhili mwingine haikubaliki, na hakuna njia ya kulijua hilo bila kutazama upande wa pili wa ukuta.

Wengine wakishagundua jumla inazidi mia, wanapunguza asilimia hadi zifike 100 na kudhani wamepona. Bado. Swali ni mtu alifanya kazi wapi, si kama hesabu inafunga. Tuje kwenye taimshiti za mhasibu yuleyule, Oktoba 2024. Mwezi ule ulikuwa na siku 23 za Jumatatu hadi Ijumaa. Toa tarehe 14, siku ya kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, zinabaki 22. Kwa saa 8 kwa siku ni saa 176. Taimshiti yake ya kweli inasema saa 70 mradi A, 53 mradi B, 35 mradi C, na 18 za shughuli za jumla za shirika: mikutano ya bodi, ritani za kodi, kesi ya pango la ofisi.

Gawanya 2,640,000 kwa 176, saa moja ni shilingi 15,000. Mradi A unastahili 1,050,000, B 795,000, C 525,000. Zile saa 18, yaani 270,000, hazina mradi. Zinakaa kwenye gharama za uendeshaji za shirika, ambazo Umoja wa Ulaya huzifidia kwa kiwango kisichozidi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja zilizokubalika. Huwezi kuziingiza tena kwenye mradi kwa mlango wa mshahara. Kwa hiyo mradi A pekee ulitozwa zaidi kwa 270,000 mwezi ule, B kwa 261,000 na C kwa 267,000. Jumla ni 798,000: zile 528,000 za asilimia kuzidi mia, na 270,000 za shughuli za jumla ambazo zilijificha ndani ya miradi.

Taimshiti ya kupika inajulikana. Ina asilimia 50 kila mwezi bila kupungua wala kuzidi, hata mwezi ambao mradi A ulikuwa umesimama ukisubiri awamu ya pili ya fedha. Oktoba yake ina saa 184, maana aliyenakili faili la Septemba hakukumbuka sikukuu. Miezi sita imesainiwa kwa kalamu moja, sahihi zimepangana kama mistari ya daftari, na msimamizi aliyesaini Machi aliajiriwa Mei. Au mtu anaonekana ofisini Arusha saa nane nzima siku ambayo vocha ya posho ya kujikimu inamlaza Singida. Hiyo ya mwisho hatuitafuti kwa ujanja wowote. Tunaweka taimshiti na vocha za safari kwenye meza moja, basi.

Na sikukuu, kabla hamjaniandikia: kuna mashirika ambayo sera yao inahesabu sikukuu na likizo kama saa za kulipwa, kisha inazigawa kwa uwiano wa saa zilizofanywa kazi. Ni sawa kabisa, mradi sera iwe imeandikwa na itumike kwa miradi yote. Tatizo ni likizo nzima ya siku 28 kupelekwa kwa mfadhili ambaye fungu lake limebaki na salio.

Jingine la mishahara: mkataba unataka mshahara usizidi ule ambao shirika hulipa kwa kawaida. Dereva wa shirika analipwa 700,000, akihamishiwa mradi wa Ulaya anapanda hadi 1,100,000, mradi ukiisha anarudi 700,000. Bajeti ilisema 1,100,000, naam. Zile 400,000 za juu zina hoja.

Halafu kuna wale waliosoma kidogo, ambao hunijibu kwa ile asilimia 25. Ndiyo, mkataba unaruhusu kuhamisha fedha kati ya vichwa vikuu vya bajeti bila marekebisho ya mkataba, ikiwa tofauti haizidi asilimia 25 ya kiasi cha awali cha kichwa husika, na lengo la mradi halijaguswa. Ruhusa hiyo inahusu ukubwa wa chungu. Haigeuzi kisicholiwa kikaliwa.

Nikiri upande wangu pia. Taimshiti nayo ni maneno ya mtu juu ya nafsi yake, na msimamizi anayeisaini mara nyingi hakuwepo. Nikikuta saa 70 zilizoandikwa vizuri, na safari na barua pepe havizipingi, nazikubali, bila kujua kwa hakika kama zilikuwa 70 au 60. Kazi hii mara nyingi hufanyika chini ya kiwango ISRS 4400: tunatekeleza taratibu zilizokubaliwa na kuripoti tulichokuta, bila kutoa maoni ya ukaguzi. Wakurugenzi husoma "hakuna hoja" kama cheti cha usafi. Sicho. Na neno "ya kiasi" linanisumbua mpaka leo. Hoteli ya 180,000 kwa usiku Dodoma wakati Bunge linaendelea huenda ni ya kiasi, na wiki mbili baadaye si ya kiasi. Wakaguzi wawili waaminifu watatofautiana hapo, na shirika litabeba tofauti hiyo.

Kama umeshagundua mgawanyo wako ulifuata bajeti, na ripoti ya fedha haijatumwa, fanya vocha ya marekebisho sasa: kokotoa kila mwezi kwa saa halisi, hamisha ziada kwenye fedha za shirika lenyewe, ambatisha karatasi ya hesabu. Ripoti ikishatumwa, mwandikie mfadhili mapema kabla mkaguzi hajafika. Usikae usiku kucha kuandika taimshiti za mwaka uliopita. Kama hazikuwepo, sema hazikuwepo, kisha leta vilivyokuwepo: ripoti za safari, mihutasari ya vikao, vocha zenye sahihi ya mhasibu na namba ya mradi. Baadhi ya wafadhili hukubali sehemu ya mshahara kwa ushahidi wa aina hiyo, wengine hukata wote, na kabla hawajajibu sijui njia ya kubashiri ni kundi lipi.