Usikusanye malalamiko, tafuta viraka

Kazi yangu ni kubuni bidhaa, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kusikiliza watu wakilalamika. Mtu akijua kazi ninayofanya, ananimiminia kero zake zote: foleni, vikao visivyoisha, jirani mwenye spika kubwa. Nyingi ni za kweli, lakini hazinifai, kwa sababu anayezisimulia hajawahi kuzifanyia lolote. Anakasirika, anasonya, anaendelea na maisha yake.

Ninachokitafuta ni kiraka. Naita hivyo ule ujanja ambao mtu ameshaubuni mwenyewe ili aishi na kero yake: daftari lililofungwa kwa kamba kando ya mita, mchango wa kila wiki, mtoto anayetumwa kwenda kuangalia. Kiraka kinakula muda, pesa au heshima ya mtu, na bado anakirudia. Hapo ndipo najua kero inauma kiasi cha kumfanya mtu atoe kitu mfukoni.

Wanaoijua historia ya M-Pesa watakumbuka kwamba majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga wakopaji wadogo warejeshe mikopo kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kutumiana pesa wao kwa wao, na ilipozinduliwa rasmi Machi 2007 ikauzwa kwa kazi hiyohiyo. Wabunifu walikuwa na wazo lao, watumiaji wakaonyesha kero iliyo kubwa zaidi.

Ninavyorekodi si jambo la ajabu. Nina daftari, na kila kero inapata mistari michache: nani, lini mara ya mwisho, alifanya nini, na kufanya hivyo kulimgharimu nini. Neno la maana hapo ni "mara ya mwisho". Ukimuuliza mtu angependa nini, atakupa ndoto. Ukimuuliza mara ya mwisho ilikuwaje, atakuambia ilikuwa Jumamosi usiku, na nani alikataa kuchanga.

Hebu tuchukue kero moja ambayo mpangaji yeyote wa Dar es Salaam anaifahamu: nyumba ya vyumba sita, mita moja ya LUKU.

Malalamiko ya juujuu ni kwamba "umeme unaisha haraka". Ukiishia hapo utakimbilia kubuni kitu kikubwa, yaani mita ndogo kwa kila chumba, kila mtu ajilipie. Zipo, zinauzwa, na baadhi ya nyumba zinazo. Nyumba nyingi hazina, na sababu si teknolojia. Mita ndogo zinataka waya wa kila chumba utenganishwe, na waya ni mali ya mwenye nyumba. Yeye haishi pale, ugomvi wa LUKU haumfikii, na kodi yake inaingia vilevile. Mpangaji naye hawezi kumgharamia fundi kwa nyumba anayoweza kuhama baada ya miezi sita. Anayeumia si mwenye uwezo wa kurekebisha. Wazo lolote linalohitaji mwenye nyumba atoe pesa kwa kero isiyo yake nalifuta mapema.

Basi nikaangalia kiraka. Katika nyumba niliyoifuatilia kwa karibu, kila chumba kilichanga shilingi 5,000 kwa mwezi, isipokuwa mama wa chumba cha mbele aliyechanga 10,000 kwa sababu ana friji. Majina na malipo yaliandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Niliposoma zile karatasi za nyuma na kuuliza kila palipofutwa palifutwa kwa nini, ugomvi karibu wote ulikuwa juu ya kitu kimoja. Taa hazikugombaniwa, wala feni, wala televisheni. Ilikuwa friji tu.

"Lile friji linatumaliza," alisema kijana wa chumba cha nyuma. "Halilali, linanguruma usiku kucha."

Mama naye: "Mimi nalipa mara mbili yenu, mwanangu, na bado naonekana mwizi."

Wote wawili walikuwa wanakisia. Mita ya umeme ina taa ndogo nyekundu inayomwekamweka, na usoni pake imeandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, mara nyingi `1000 imp/kWh` au `1600 imp/kWh`. Tukakubaliana mchana mmoja, wengi wakiwa kazini, waliokuwepo wazime na kuchomoa kila kitu, libaki friji peke yake. Kisha tukahesabu sekunde kati ya mmweko na mmweko kwa saa ya simu. Hesabu yenyewe ni hii:

```
wati = 3600000 / (imp × sekunde)
```

Kwa mita ya mimweko 1,000, tukipata sekunde 36, friji linakula wati 100. Ndivyo ilivyokuwa mota ilipokuwa inazunguka. Lakini mota haizunguki muda wote. Inazunguka, inapoa, inanyamaza, inaanza tena. Tukakaa tukiandika inapoanza na inaponyamaza, ikaonekana inafanya kazi kama nusu ya muda. Nusu ya siku ni saa 12, mara wati 100, unapata uniti 1.2 kwa siku, au 36 kwa mwezi. Makisio haya ni ya friji lile, katika joto lile, mlango ukifunguliwa vile unavyofunguliwa pale. Friji lenye mpira wa mlango uliochoka lingetoa picha nyingine kabisa.

Sasa pesa. Kwa bei ya karibu shilingi 356 kwa uniti, ambayo ndiyo waliyokuwa wakinunulia, mchango wote wa 35,000 unaleta uniti kama 98. Kijana wa nyuma alidhani friji linafanya kazi saa 24, kwa hiyo kwake ni uniti 72, yaani karibu robo tatu ya umeme wote wa nyumba. Mama alidhani ile 5,000 ya ziada inalifidia, na 5,000 ni uniti 14. Ukweli ulikuwa katikati: 36, sawa na shilingi 12,800 hivi. Uniti 62 zilizobaki ukizigawa kwa vyumba sita, kila chumba kinapaswa kulipa kama 3,700, na mama 16,500.

Mtu mwenye haraka angesema hapa bidhaa imepatikana: kipima cha kuchomeka kwenye soketi, friji likachomekwa juu yake, kikahesabu uniti. Hakihitaji fundi wala ruhusa ya mwenye nyumba, na mpangaji akihama anahama nacho. Vipima vya namna hiyo vipo tayari. Lakini rudi kwenye hesabu uone nani ananunua. Majirani watano wanaokoa shilingi 1,300 kila mmoja kwa mwezi, na kwa kiasi hicho hakuna atakayehangaika kwenda dukani. Mama anaongezewa 6,500. Je, atakichomeka kwa hiari yake kifaa kinachompandishia bili? Hapana, na soketi ni ya chumbani kwake.

Hapa ndipo mawazo mengi mazuri yanapofia. Kero ni ya kweli, kifaa kinafanya kazi, ila mwenye maumivu na mwenye pochi ni watu wawili. Nimeliona hilohilo kazini, kwenye maduka. Mteja analipa kwa lipa namba, ujumbe unaingia kwenye simu ya bosi aliyeko nyumbani, na muuzaji anapiga simu: "Bosi, imeingia elfu kumi na mbili?" Foleni inasubiri. Anayeaibika ni muuzaji na anayekereka ni mteja, lakini mwenye uamuzi ni bosi, na bosi anapenda simu ile kwa sababu inamfanya ajue kila senti inayoingia. Ukimletea kifaa cha kuharakisha foleni atakupongeza na hatanunua. Mwambie kwamba muuzaji ataona malipo lakini hataona salio, ndipo atavuta kiti.

Kwa hiyo nikarudi kwa mama na swali la mara ya mwisho, safari hii si kuhusu bili. Mara ya mwisho friji lilimletea shida gani? Akanisimulia alivyotafuta chumba. Dalali wa kwanza alimwambia nyumba haipokei mwenye friji. Wa pili vilevile. Huyu wa tatu alimkubali baada ya yeye kuahidi kulipa mara mbili, kabla hata hajajua mara mbili ya nini. Na friji kwake si anasa: anauza juisi za barafu na maji ya baridi kwa watoto wa shule. Kulizima ni kufunga biashara.

Hicho ndicho kiraka nilichokuwa nakitafuta. Alishalipia ruhusa ya kuishi na friji, kwa bei ya kubahatisha, na heshima yake inaliwa kila mwezi. Mnunuzi wa kipima si nyumba yenye ugomvi. Ni mtu mwenye friji anayetafuta chumba, na anachokinunua ni jibu la kumpa dalali: "Friji langu lina kipima chake, uniti zake nalipa mimi, nyie someni wenyewe." Kulipa 16,500 kwa uwazi kunaweza kumfaa kuliko kulipa 10,000 na kuitwa mwizi, mradi juisi zinalipa. Kwa mwenye friji la kuhifadhia mboga tu, hesabu hiyo haikubali, na simhesabu kama mteja.

Mnunuzi akibadilika, kifaa nacho kinabadilika. Vile vya kawaida vimetengenezwa kwa mtu anayetaka kujua matumizi yake mwenyewe. Hapa kinasomwa na watu wasiomwamini mwenye nacho. Kwanza, hesabu isipotee umeme ukikatika au LUKU ikiisha, maana kikirudi kwenye sifuri hata mara moja tu, ugomvi unaanza upya. Pili, kiwe na namna ya kuonyesha kwamba friji lilichomolewa likachomekwa pembeni. Saa za kukaa bila mzigo zikiandikwa, zinatosha kumsema. Tatu, namba ionekane bila jirani kuingia chumbani kwa mtu: kioo kidogo chenye waya kinachoning'inia koridoni kinafaa kuliko programu ya simu, kwa sababu karatasi ya michango iko ukutani na namba lazima iishie hapo. Na kama friji lina kilinda umeme, kipima kikae kati ya ukuta na kilinda umeme, ili kihesabu vyote viwili.

Kabla ya kuagiza kiwanda chochote, jaribio ninaloliendesha sasa ni la bei ndogo: vipima vya kawaida vinavyotunza hesabu umeme ukikatika, kibandiko cha kuziba pale plagi inapoingia, na wenye biashara ndogo za friji wanaotafuta vyumba. Vipima wanavikodi kwa mwezi. Sitawauliza kama wamekipenda. Nitaangalia kama dalali anawapokea, na kama mwezi wa pili wanalipa tena bila mimi kuwapigia simu.